Tabibu Mmoja Hatoshi

Marafiki wanne wakianza Baldur's Gate 3, gemu iliyotolewa mwaka 2023 na kampuni ya Larian ya Ubelgiji, mara nyingi watatu huchagua wapiganaji. Wa nne, ambaye aghalabu ndiye mgeni wa gemu, husukumiwa kazi ya kutibu. Kikosi chetu cha kwanza kilipangwa hivyo hivyo, na kila pambano tulilimaliza watu wawili wakiwa chini.

Kosa letu linaonekana kwenye hesabu. Chukua maadui wanne wenye panga, kila pigo likiondoa uhai 5 au 6. Mapigo sita katika kumi yakifika, kwa raundi moja kikosi hupoteza uhai kama 13. Cure Wounds, tiba ya mwanzo, ni dadu la pande nane na nyongeza ya 3 hivi, yaani 7 au 8 kwa wastani, na tabibu ameshamaliza zamu yake. Anateka maji kwa kikombe ilhali mtungi unavuja kwa ndoo.

Sasa mpe mmoja wenu mchawi mwenye Sleep. Hiyo hulaza maadui ambao uhai wao kwa jumla hauzidi 24, kwa zamu mbili. Mpiga mishale akiwapunguza kwanza hadi wawili wabakiwe na 12 kila mmoja, wote wawili wanalala. Madhara ya raundi yanashuka hadi 6 au 7, tena bila mtu kutibiwa. Anayemfikia aliyelala kwa karibu humpiga pigo kubwa, lenye madadu mara mbili.

Ila pigo hilo hilo humwamsha. Hapo ndipo tulipokuwa tunaharibu: mwenzetu alirusha chupa ya moto katikati ya waliolala, wote wakaamka. Semezaneni kabla ya kugusa kitufe: huyu wa kumaliza, wale waacheni. Baadaye maadui huwa na uhai mwingi, Sleep ikapwaya. Mchawi huhamia Hold Person, inayomgandisha binadamu au mfano wake, lakini lazima ashikilie umakini. Akipigwa anaweza kuupoteza, kwa hiyo mpiganaji asimame mbele yake.

Tiba haiachwi. Healing Word huponya kidogo kuliko Cure Wounds, lakini hufika umbali wa mita 18 na hutumia kitendo cha ziada tu. Kasisi anamwinua aliyeanguka, kisha anashambulia katika zamu ile ile. Ndiyo maana sisi humwekea akiba aliyeanguka, si mwenye mchubuko.

Na mgeni? Mpe upanga. Kutibu na kulaza kunadai jicho linalotazama uwanja mzima, kazi ya aliyezoea. Akiizoea gemu na kutaka kubadili, Withers pale kambini humbadilishia fani kwa sarafu 100 za dhahabu. Wa kwetu alibadili mwezi wa pili, akachagua ukasisi mwenyewe.