Kupiga Picha Chumba cha Futi Kumi kwa Kumi

Picha nyingi za vyumba vya kupanga zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya madalali zina sura moja: kabati limelala upande, kitanda cha tano kwa sita kimerefuka hadi hakieleweki, na chumba cha kawaida kimegeuka ukumbi. Mpangaji akifika mlangoni anaguna, na nauli imeshakwenda. Mara nyingi dalali wala hakukusudia kudanganya. Alibonyeza 0.5x, akainua mkono juu ya kichwa, akaiinamisha simu ili sakafu yote iingie.

Hapo kuna makosa mawili makubwa, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni kule kuinamisha. Kona za ukuta na fremu ya mlango hubaki wima pichani pale tu simu yenyewe inaposimama wima kabisa. Ukiielekeza chini, mistari hiyo husogeleana kwa chini. Ukiielekeza juu, husogeleana kwa juu. Kwa hiyo itazame fremu ya mlango kwenye kioo kabla ya kupiga, itakuonyesha umekosea upande gani. Washa Grid kwenye kamera upate mistari ya kulinganishia. Na kama unataka sakafu zaidi, shusha simu yote badala ya kuiinamisha. Kwa dari ya mita 2.7, kimo cha mita 1.2 au 1.3 kinatosha: sakafu na dari zinapata nafasi inayokaribiana, na juu ya kitanda bado panaonekana.

Kosa la pili hutokea hata simu ikiwa wima barabara. Chumba kimekuzunguka, lakini picha ni bapa, na vilivyo pembeni kabisa mwa lenzi hutua kwenye bapa hilo kwa mshazari, hivyo huvutika kuelekea nje. Kwenye simu nyingi 0.5x ni sawa na lenzi ya milimita 13 hivi. Hapo, ukishika simu kwa ulalo, mpira uliowekwa kwenye ukingo wa picha utaonekana umerefuka kama mara 1.6 ya upana wake. Ukivuta hadi 0.7x, inakuwa mara 1.4. Kwa 1x, inabaki kama 1.2, na jicho halilalamiki. Simu ya bei mbaya haikusaidii hapa, maana hili si kosa la kioo cha lenzi bali ni jiometri.

Sasa tuchukue chumba chenyewe, mita tatu kwa tatu. Simama ukiuelekea ukuta wa mbele moja kwa moja, mgongo wako ukutani. Tatizo ni kwamba kichwa na mikono yako vimeshakula karibu nusu mita, na kwenye chumba hiki hiyo ni sehemu moja ya sita ya urefu wote. Toka wewe, ibaki simu: ibandike ukutani kwa mkono ukiwa umejibanza pembeni, au iegemeze juu ya stuli iliyopandishwa kwa ndoo, weka taima ya sekunde 10, kisha utoke nje. Kwa 0.5x utaona karibu mita 1.9 za kila ukuta wa pembeni. Kwa 0.7x utaona karibu mita 1.45. Yaani umepoteza sentimita 40 na kitu tu kila upande, na pichani kitanda kimerudi kuwa kitanda. Mimi ningechukua hiyo 0.7x bila kusita.

Kabla ya kubonyeza, ondoa mtungi wa gesi, beseni na viti vilivyo karibu na kingo za picha. Vya mviringo ndivyo vinavyoumbuka kwanza; visogeze katikati.

Mistari iliyojipinda, kama ukingo wa dari uliobonyea, ni jambo jingine. Hiyo hutoka kwenye lenzi, na simu nyingi huinyoosha zenyewe. Kwenye iPhone hakikisha Lens Correction imewashwa. Panorama iache kabisa, kwa sababu huupinda hata ukuta ulionyooka.

Mistari ikiinama kidogo tu, Snapseed ina kifaa kiitwacho Perspective cha kuisimamisha. Lakini hulipia kazi hiyo kwa kuvuta upande mmoja wa picha na kukata kingo, hivyo acha nafasi kuzunguka chumba unapopiga.

Na wewe unayetafuta chumba, tafuta soketi ya ukutani iliyo karibu na ukingo wa picha. Soketi moja ya plagi ya pini tatu bapa huwa na kifuniko cha mraba, kama sentimita 8.6 kila upande. Ikiwa ukuta unakutazama uso kwa uso na soketi imekuwa ndefu kama tofali, picha imevutwa. Muombe dalali ahesabu marumaru za sakafuni kutoka ukuta hadi ukuta na akutumie kipimo cha moja.