Bei ikipanda, kituo cha kahawa kinaweza kula hasara

Kuanzia Machi, ukipita milima ya Rusizi nchini Rwanda inayotazama Ziwa Kivu, utakutana na watu wamejitwika vikapu na mifuko ya kahawa mbivu wakielekea kwenye mizani ya kituo cha kuoshea. Punje nyekundu humwagwa kwenye maji, zinazoelea hutengwa, zinazozama huingia kwenye mashine ya kumenya siku hiyohiyo, kwa sababu kahawa mbivu ikilala huanza kuchachuka na ubora unakwisha. Baada ya kuchachushwa kwa kipimo na kuoshwa huanikwa kwenye vichanja, na kila kilo tano za kahawa mbivu hutoa takriban kilo moja ya kahawa kavu yenye ganda. Hiyo ndiyo bidhaa ya kituo.

Nimeanza na mizani kwa sababu makosa mengi ninayoyaona kwenye karatasi za miradi ya vituo hivi huanzia hapo. Mwenye mradi anajua kwamba hana uhakika wa mambo mawili: atapata kahawa kiasi gani, na ataiuza bei gani. Anaweka jedwali la kupima mambo hayo, moja baada ya jingine, na benki inaridhika. Jedwali lenyewe limekokotolewa sawasawa, ila linauliza swali ambalo Rusizi halitokei kamwe.

Tuchukue mfano niliouunda kwa namba za mviringo ili hesabu ifuatike. Kituo kinajengwa kwa faranga milioni 150. Kila msimu kinanunua tani 400 za kahawa mbivu kwa faranga 600 kwa kilo, ambayo ndiyo bei ya chini iliyotangazwa na NAEB, bodi ya Rwanda inayosimamia mazao ya kuuza nje, kwa msimu wa 2025. Tani hizo 400 hutoa tani 80 za kahawa ya ganda, na mnunuzi anayesafirisha nje analipa faranga 4,200 kwa kilo. Kila kilo ya kahawa ya ganda imebeba faranga 3,000 za kahawa mbivu na faranga 400 za vibarua, magunia, mafuta na usafiri. Inabaki 800. Gharama zisizobadilika, yaani meneja, mlinzi, matengenezo na bima, ni milioni 22 kwa mwaka. Kodi na riba ya mkopo wa msimu naviweka kando leo.

Mauzo ni milioni 336, na baada ya gharama zote kituo kinabaki na milioni 42 kwa mwaka. Tukikipa maisha ya miaka minane, na tukisema fedha ya mwenye mradi ingemgharimu asilimia 16 kwa mwaka, kilichobaki ni kurudisha fedha za miaka ijayo kwenye thamani ya leo na kutoa mtaji. Kwenye Excel, kwa mamilioni, ni mstari mmoja:

```
=PV(0.16,8,-42)-150
```

Jibu ni 32.4. Mradi una thamani halisi ya sasa ya faranga milioni 32.4, juu ya kurudisha mtaji na gharama yake. Kwenye karatasi, mradi ni mzuri.

Sasa tuutikise. Hatua ya kwanza ndiyo inayoitwa uchambuzi wa unyeti: unabadilisha kitu kimoja, vingine unaviacha palepale, unaangalia thamani inavyosogea. Kahawa ikipungua kwa asilimia 10, kituo kinapoteza tani 8 za kahawa ya ganda, na kwa kila kilo kinapoteza zile faranga 800 tu, kwa sababu kahawa ambayo hukuinunua hukuilipia. Mapato yanashuka kwa milioni 6.4 na thamani ya mradi inabaki milioni 4.6. Inauma, lakini mradi bado umesimama. Kahawa inaweza kupungua kwa karibu asilimia 12, hadi tani 354 hivi za kahawa mbivu, kabla thamani haijafika sifuri.

Bei ya kuuzia ikishuka kwa asilimia hiyohiyo 10, mambo hubadilika kabisa. Faranga 420 zinaondoka kwenye kila kilo ya tani zote 80, na gharama haijapungua hata senti. Kituo kinabaki na milioni 8.4 kwa mwaka, na thamani ya mradi inaanguka hadi hasi milioni 113.5. Bei inayofikisha thamani sifuri ni takriban faranga 4,107. Yaani bei ikiteleza kwa asilimia 2.2 tu, faida yote imekwisha. Kwa biashara yoyote inayonunua malighafi ghali na kuongeza thamani ndogo juu yake, bei itakuwa kali kuliko kiasi, kwa sababu pigo la bei huangukia ule upenyo mwembamba ulio kati ya kununua na kuuza.

Wengi huishia hapa, wanaandika kwamba hatari kubwa ni bei kushuka, na faili linafungwa. Upande wa pili wa jedwali lao unapendeza zaidi: bei ikipanda kwa asilimia 25, mapato ya mwaka yanakuwa milioni 126 na thamani ya mradi inaruka hadi milioni 397. Nani atakataa mradi ambao bei ikipanda robo unazaa mara kumi na mbili?

Lakini hebu turudi kwenye mizani. Bei ya kahawa ya arabika kwenye soko la New York ilivuka dola 4 kwa ratili mwezi Februari 2025, kiwango ambacho soko hilo halikuwahi kukiona. Mkulima wa Rusizi ana simu na ana ndugu Kamembe, kwa hiyo habari hiyo ilimfikia. Bei ya chini ya NAEB, iliyokuwa faranga 480 mwaka 2024, ilipanda hadi 600. Na kuna jambo la tatu, ambalo kwa maoni yangu ndilo zito zaidi kwa mwenye kituo. Tangu 2016 kahawa mbivu ilitakiwa kuuzwa ndani ya eneo lililopangiwa kituo fulani. Utaratibu huo uliondolewa mwaka 2023. Mkulima sasa anauza anakotaka, na bei ikiwa nzuri, wanunuzi wenye malori wanamfuata hadi shambani.

Kwa hiyo bei ya kuuzia haipandi peke yake. Inaivuta bei ya kahawa mbivu, na bei ya kahawa mbivu inavuta washindani, na washindani wanapunguza tani zinazofika kwenye mizani yako. Jedwali linalobadilisha kitu kimoja na kuviacha vingine palepale haliwezi kuona mnyororo huo. Ndiyo sababu ya hatua ya pili, uchambuzi wa hali mbalimbali: unasimulia kwanza hali moja inayoweza kutokea kweli, halafu unaweka namba zote za hali hiyo kwa pamoja.

Hali ya neema sokoni tuisimulie hivi. Bei ya kahawa ya ganda imepanda robo, hadi 5,250. Ushindani umeisukuma kahawa mbivu hadi faranga 850 kwa kilo, kwa hiyo kila kilo ya ganda imebeba 4,250 za ununuzi. Pamoja na gharama ya 400, upenyo umebaki faranga 600 badala ya 800. Na kwa kuwa nusu ya majirani wameuza kwa malori yaliyopita alfajiri, kituo kimepata tani 280 badala ya 400. Kituo kinabaki na milioni 11.6 kwa mwaka. Thamani ya mradi ni hasi milioni 99.6.

Bei ni ileile iliyopanda robo. Jedwali la kwanza lilisema milioni 397.

Hali ya pili ni ya soko kuporomoka. Bei imeshuka kwa asilimia 15 hadi 3,570, kahawa mbivu imeteremka hadi 500, wafanyabiashara wa malori hawaonekani tena, na kituo kinapata tani 430. Upenyo ni faranga 670. Kituo kinabaki na milioni 35.6, na thamani ya mradi ni chanya, milioni 4.7. Si utajiri, lakini hakijafa. Katika mfano huu basi, kinachoua kituo ni upenyo na tani kubanwa pamoja, na hayo hutokea soko likiwa juu.

Wakati nao una uzito wake. Kahawa mbivu hununuliwa kwa fedha taslimu ndani ya miezi michache, lakini kahawa ya ganda huuzwa baadaye. Bei ikianguka kwa asilimia 10 katikati, baada ya kununua, mnyororo niliousema haufanyi kazi, kwa kuwa mkulima ameshalipwa. Ikitokea msimu wa kwanza tu, na miaka saba iliyobaki ikawa sawasawa kama ilivyopangwa, thamani ya mradi inashuka kutoka milioni 32.4 hadi 3.5. Msimu mmoja mbaya mwanzoni hula karibu faida yote ya miaka minane. Jedwali la unyeti linalopunguza bei miaka yote kwa pamoja halioneshi hilo pia.

Watu wa benki hupenda kuuliza: sasa tuchukue namba ipi? Ukiamini kwamba nusu ya misimu itakuwa ya kawaida, robo ya neema sokoni na robo ya kuporomoka, wastani wa thamani ni hasi milioni 7.5. Uzito huo ni makadirio yangu, na mtu mwingine anaweza kuweka wa kwake. Ila naona jambo la kuzingatia: karatasi yenye namba za kawaida ilisema chanya 32.4, na hakuna uchawi uliofanyika katikati isipokuwa kuziacha namba zitembee pamoja.

Ukiletewa faili la mradi wa aina hii, kuna namna rahisi ya kujua kama limefanywa sawasawa. Fungua karatasi ya Excel, badilisha bei ya kuuzia, kisha tazama kisanduku cha bei ya kahawa mbivu. Kisiposogea, na tani zisiposogea, hali zote zilizochorwa humo ni jedwali la kwanza lililovaa nguo nyingine. Tazama pia kama aliyeandika amebadilisha kila kitu kwa asilimia 10 juu na chini kwa ajili ya kupendezesha ukurasa. Mti wa kahawa huzaa sana mwaka huu na kupumzika mwaka ujao, na bei ya New York iliyovuka dola 4 mwaka 2025 ilikuwa chini ya senti 50 mwishoni mwa 2001. Hakuna asilimia 10 inayotosha yote mawili.

Kwa mfano wetu, hukumu yangu ni hii. Mwenye mradi akipata mnunuzi anayekubali kwa maandishi kulipa bei ya kahawa mbivu ya siku hiyo, gharama za kuosha, na faranga 800 juu yake kwa kila kilo ya ganda, suala la bei linamtoka mikononi na anabaki na swali moja la tani. Akiwa na wakulima wa kumletea tani 354 hata mwaka wa malori, ajenge. Asipokuwa nao, milioni 150 zikae benki.