Zilikwenda wapi shilingi 527,000?

Tuchukue kiwanda kidogo cha kushona mashati ya shule, cha kubuni ila chenye hesabu kama za viwanda tunavyovijua. Bajeti ya mwezi ilikuwa mashati 1,000 kwa shilingi 12,000 kila moja. Shati moja lilipangiwa mita 1.5 za kitambaa cha shilingi 4,000 kwa mita, saa moja ya fundi kwa shilingi 2,000, na shilingi 500 za umeme na uzi kwa kila saa ya kushona. Kwa hiyo kila shati lingebakiza shilingi 3,500. Ukitoa kodi ya jengo na gharama nyingine za kudumu, shilingi 1,500,000, faida ingekuwa milioni mbili.

Mwezi ulipoisha yalikuwa yameshonwa na kuuzwa mashati 1,100, lakini faida ikawa shilingi 1,473,000. Umeuza zaidi, umepata pungufu. Taarifa inayounganisha faida ya bajeti na faida halisi imetengenezwa kujibu swali hilo:

Faida ya bajeti: 2,000,000
Wingi wa mauzo: +350,000
Bei ya kuuzia: −440,000
Bei ya kitambaa: +528,000
Matumizi ya kitambaa: −440,000
Kiwango cha ujira: −125,000
Saa za kukaa bure: −100,000
Kasi ya mafundi: −200,000
Bei ya umeme na uzi: +10,000
Umeme na uzi kwa saa zilizozidi: −50,000
Gharama za kudumu: −60,000
Faida halisi: 1,473,000

Mashati 100 ya ziada yamehesabiwa kwa shilingi 3,500 na si 12,000, kwa kuwa kila shati la ziada linakula kitambaa na ujira wake. Baada ya mstari huo, bajeti ya mashati 1,000 imekwisha kazi. Gharama zinazobadilika zinapimwa kwa kile ambacho mashati 1,100 yalistahili kutumia. Anayelinganisha kitambaa cha mashati 1,100 na bajeti ya mashati 1,000 atamlaumu mkata vitambaa kwa sababu tu wauzaji wamefanya kazi.

Mashati 1,100 yalistahili mita 1,650, zilitumika 1,760. Mita 110 zilizozidi zinapewa bei ya bajeti, shilingi 4,000, ingawa zilinunuliwa kwa 3,700. Sababu ni kwamba unafuu wa bei umeshahesabiwa kwa mnunuzi: mita 1,760 mara shilingi 300. Mkataji anajibu kwa mita tu.

Mafundi nao walilipwa saa 1,250 kwa shilingi 2,100, lakini saa 50 umeme ulikuwa umekatika. Saa hizo zina mstari wake, zisije zikaonekana kuwa uzembe. Zinabaki saa 1,200 za kushona kazi iliyostahili saa 1,100, na hapo ndipo penye swali la kasi.

Ukisoma mstari mmojammoja, mnunuzi ndiye shujaa wa mwezi. Mimi nisingempongeza kabla ya kufika kwenye meza ya kukatia. Kitambaa cha bei nafuu kikiwa na kasoro, mkataji hutupa vipande na fundi hufumua alichoshona. Jumlisha matumizi ya kitambaa, kasi ya mafundi, na umeme na uzi wa saa zilizozidi: hasara ya 690,000 dhidi ya nafuu ya 528,000. Kama chanzo ni kitambaa, ununuzi ule umekigharimu kiwanda shilingi 162,000. Taarifa haiwezi kuthibitisha hilo. Inakuonyesha pa kwenda kuuliza. Vipande vilivyotupwa na daftari la mashati yaliyorudiwa ndivyo vyenye jibu. Hata bei iliyoshushwa kwa shilingi 400 isomwe pamoja na wingi: kama ndiyo iliyovuta wateja, biashara hiyo imepoteza 90,000.

Mistari isipofikia faida halisi kwa shilingi kamili, kuna kosa. Mara nyingi tofauti ya bei imezidishwa kwa kiasi cha bajeti badala ya kiasi halisi, au saa za kukaa bure zimehesabiwa mara mbili. Lakini taarifa inaweza kufunga barabara na bado ikapotosha, viwango vyenyewe vikiwa vimechakaa. Kama ujira ulipanda kwa makubaliano kabla ya mwezi kuanza na hakuna aliyerekebisha ile 2,000, basi 125,000 ya ujira ni ya aliyeandaa bajeti, wala msimamizi wa mafundi hana la kujibu.