Dawa Zilizoisha Muda: Jinsi Zinavyofutwa Vitabuni na Zilizosalia Kuhesabiwa

Kila tarehe 30 Juni, mwaka wa fedha wa serikali unapofungwa, dawa zote katika vituo vya afya hukaguliwa na kuhesabiwa. Mkazi wa Soin anayeona katoni imefungwa na kuandikwa "ISITUMIKE" anaweza kujiuliza kwa nini dawa hizo hazitolewi.

Tuchukue mfano wa zahanati yenye makopo 62 ya amoksisilini, yaliyofika katika bechi tatu. Bechi ya kwanza ina makopo 12 yaliyonunuliwa kwa shilingi 400 kila moja, na muda wake uliisha mwezi Mei. Ya pili ina makopo 20 ya shilingi 450, nayo itaisha muda mwishoni mwa Novemba. Ya tatu ina makopo 30 ya shilingi 500, na bado ina miaka miwili.

Anayezidisha makopo yote 62 kwa bei ya mwisho ya shilingi 500 atapata shilingi 31,000. Hesabu hiyo si sahihi. Makopo 12 hayana thamani tena, kwa hivyo shilingi 4,800 zinaandikwa kuwa hasara. Bechi ya pili ina thamani ya shilingi 9,000 na ya tatu shilingi 15,000. Dawa zilizosalia ni za shilingi 24,000.

Hasara hiyo ni ya mwaka ambao dawa iliisha muda, hata kama itateketezwa Septemba. Mhudumu hawezi kuifuta peke yake. Hutenga dawa hizo mbali na nyingine, huandika jina, namba ya bechi, tarehe, idadi na bei, kisha orodha hupelekwa kwa idhini. Sheria ya Ununuzi na Uondoaji wa Mali ya Umma ya mwaka 2015 inataka uondoaji upitie kamati. Dawa huteketezwa katika tanuri lenye joto kali, chini ya usimamizi wa Bodi ya Famasia na Sumu. Hazitupwi chooni wala mtoni.

Hesabu ya bechi pia huonyesha hasara kabla haijatokea. Ikiwa zahanati hiyo hutumia makopo matatu kwa mwezi, kufikia mwisho wa Novemba itakuwa imetumia 15 tu ya bechi ya pili. Matano, yenye thamani ya shilingi 2,250, yataharibika, na yatakuwa mengi zaidi iwapo bechi ya tatu itafunguliwa kwanza. Dawa inayokaribia kuisha muda ndiyo hutolewa kwanza, na makopo hayo matano yahamishwe Julai hadi kituo chenye wagonjwa wengi.

Mgonjwa akipewa vidonge katika bahasha isiyo na tarehe, ana haki ya kuomba aonyeshwe kopo vilikotoka na kusoma tarehe mwenyewe.