Mzee Anapokaza Meno: Kumsafisha Kinywa Bila Ugomvi

Anayemuuguza mzee mwenye demensia huweza kumlisha, kumwogesha na kumbadilisha nguo bila taabu kubwa, lakini mswaki ukitokea tu, vita huanza. Mzee anafumba midomo, anageuza uso ukutani, anausukuma mkono, na akibanwa anauma. Baada ya siku chache za namna hiyo familia nyingi huamua kumwacha. Meno yenyewe yamebaki machache, husema, na usumbufu wote huu wa nini?

Mzee huyo hafanyi ukaidi. Anaogopa. Rita Jablonski, muuguzi na mtafiti wa Marekani aliyejikita katika suala hili kwa miaka mingi, anaeleza kwamba ugonjwa huharibu sehemu za ubongo zinazomsaidia mtu kupambanua jambo la hatari na lisilo la hatari. Mtu mzima wa akili akiona mswaki unakuja, anajua ni mswaki. Mwenye demensia anaona mkono wa mtu asiyemtambua ukileta kijiti kuelekea usoni mwake, na anajitetea kama ambavyo yeyote angejitetea. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mlezi ni kuipunguza hofu hiyo. Akitumia nguvu anaizidisha, na kesho mzee atakataa mapema zaidi.

Hofu hupungua kuanzia mlangoni. Usimtokee mzee kwa nyuma, wala usimsimamie kichwani akiwa amelala. Mjie kwa mbele, keti ili macho yenu yalingane, umpe shikamoo yake na kumwita kwa jina alilozoea, iwe Bibi, Babu au Mama fulani. Zima redio na televisheni, na wanaotazama watoke chumbani. Jablonski anaonya pia juu ya kumsemesha mzee kama mtoto mchanga, kwa sauti ya kubembeleza na maneno ya kitoto, kwa sababu mazungumzo ya namna hiyo huongeza ukinzani. Mtu anaweza kusahau majina ya wajukuu wake na bado akahisi kwamba amevunjiwa heshima.

Tuchukue mfano wa bibi wa mwambao, mwenye meno tisa na kibandiko cha meno ya bandia juu, aliyekuwa akimpiga binti yake kila asubuhi. Binti amekuwa akimwambia, "Mama, fungua mdomo," naye anaufumba. Amri hiyo ina kasoro: inamtaka mama afikirie hatua ambayo mwili wake ungeweza kuifanya wenyewe ukikumbushwa kwa vitendo. Mazoea ya mikono hudumu muda mrefu kuliko kumbukumbu ya majina na tarehe. Basi binti aache maneno. Aketi mbele ya mama, amkabidhi mswaki wenye dawa tayari, naye achukue wa kwake na aanze kupiga mswaki mama akimtazama. Mara nyingi mkono wa mzee hufuata. Ukisita, binti auweke mkono wake juu ya mkono wa mama na kuusogeza taratibu, kisha auachie uendelee.

Mama akishindwa kabisa, ipo njia nyingine. Apewe mswaki wa pili aushike tu, au taulo dogo, wakati binti anampigisha mswaki kwa ule wa kwanza. Mkono ulioshika kitu haukimbilii kusukuma, na mzee anajiona mshiriki. Kama bibi huyu amezoea kusukutua anapotia udhu, basi wakati huo huo ndio wa kutumia, kwani mwili wake tayari unajua kinachofuata. Aliyekulia mswaki wa mti naye huenda akautambua haraka kuliko wa plastiki. Apewe aushike, kisha usafi wenyewe ufanywe kwa mswaki laini wenye kichwa kidogo.

Siku nyingine yote haya hayatafaa kitu. Hapo mlezi asimame, aondoke, arudi baada ya nusu saa, au amwachie mtu mwingine ajaribu. Sura mpya yenye tabasamu mara nyingi hupokewa vizuri pale ambapo iliyotangulia imekwisha kugombana. Lengo ni mara mbili kwa siku, lakini ikipatikana moja tu, heri iwe ya usiku kabla ya kulala, kwa kuwa usingizini mate hupungua na vijidudu hustawi.

Kuhusu kazi yenyewe, mzee aketi wima, kidevu kikiwa kimeinama kidogo. Kichwa kikitupwa nyuma, maji na povu huelekea kwenye njia ya hewa. Dawa ya meno yenye floridi itoshe ukubwa wa punje ya njegere. Asiyeweza kutema apakwe utando mwembamba tu, na kinachobaki kifutwe kwa kitambaa safi chenye unyevu. Anza na upande wa nje wa meno, pale yanapokutana na ufizi, ambako ukoga hujikusanya. Upande wa ndani usubiri hadi atakapotulia. Kidole kisiingizwe kamwe katikati ya meno ya juu na ya chini, maana anaweza kuuma bila kukusudia.

Meno ya bandia yatolewe kila usiku. Husafishwa kwa mswaki na sabuni ya kawaida, kwa sababu dawa ya meno huyakwaruza, na maji ya moto huyapinda. Yashikiwe juu ya beseni lenye maji, ili yakiponyoka yasivunjike. Ufizi uliokuwa chini yake nao ufutwe, na ukiwa na wekundu mkali au utando mweupe, mzee aonwe na daktari.

Mwenye demensia mara nyingi hawezi kusema kwamba jino linauma. Maumivu yake huonekana kwa njia nyingine: anaacha kula nyama aliyoipenda, anatafunia upande mmoja, anashika shavu, anakataa meno ya bandia aliyoyavaa miaka yote, au anakuwa mkali ghafla. Ukinzani uliozuka wiki hii kwa mtu aliyekuwa akikubali mswaki utazamwe kwanza kama maumivu. Kinywa kikavu nacho huchoma, na baadhi ya dawa za mzio na za mfadhaiko hukisababisha. Daktari aulizwe kama zinaweza kubadilishwa; mlezi asizikatize mwenyewe.

Usafi huu hauishii kinywani. Mwaka 1999 Takeyoshi Yoneyama na wenzake walichapisha matokeo kutoka nyumba 11 za kutunzia wazee nchini Japani. Katika miaka miwili, homa ya mapafu iliwapata asilimia 19 ya wazee ambao hawakupewa huduma maalumu ya kinywa, na asilimia 11 ya waliopigishwa mswaki na walezi kila baada ya mlo. Mate yenye vijidudu huteleza hadi mapafuni kwa wazee wasiomeza vizuri. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 uliona nafuu katika mwaka wa kwanza, lakini haikudumu hadi mwisho wa mwaka wa pili. Faida hiyo, basi, haiji kwa bidii ya miezi michache.

Familia ambayo mzee wake ndiyo kwanza ameanza kusahau isingoje. Apelekwe kwa daktari wa meno sasa, angali anaelewa maelezo na kukubali kukaa kitini, ili meno mabovu yang'olewe au kuzibwa na meno ya bandia yanayolegea yarekebishwe. Miaka miwili baadaye kazi hiyo hiyo inaweza kuhitaji dawa ya usingizi.