Ritani Sufuri Haisimamishi Riba

"Mhasibu, nikijaza sufuri kwanza, si penalti itasimama?" Swali hili nimeulizwa Kitale na nimeulizwa Bungoma, na wenye mapato na wasio nayo, mara nyingi na mtu ambaye tayari ameshajaza hiyo sufuri na anatafuta tu wa kumuunga mkono. Jibu ni hapana. Haisimami, na mara nyingine ndiyo kwanza unaikaribisha nyingine kubwa zaidi.

Najua imani hii inakotoka. Ritani ya mwaka ya mtu binafsi inatakiwa iwe imewasilishwa kufikia 30 Juni, na anayechelewa hutozwa shilingi 2,000 au 5% ya kodi anayodaiwa, kinachozidi kati ya hivyo viwili. Basi wiki ya mwisho ya Juni saiba zinajaa, kijana anabofya "File Nil Return", risiti ya kupokelewa inatoka kwenye printa, na mteja anaikunja na kuitia mfukoni kama mtu aliyemaliza deni. Risiti ile inasema jambo moja tu: ritani imefika. Habari ya pesa haimo.

Kuwasilisha na kulipa ni wajibu mbili, kila mmoja una tarehe yake na adhabu yake. Kodi iliyobaki ya mwaka uliopita hulipwa kufikia 30 Aprili, miezi miwili kabla ya ile foleni ya saiba. Nusu ya ubishi ninaoupata mezani ungekwisha kama watu wangeishika tarehe hii moja. Unapobofya sufuri mwishoni mwa Juni, riba imeshahesabiwa mwezi wa Mei na wa Juni, nayo itaendelea kuhesabiwa ukiwa umejaza sufuri, ukiwa umejaza ukweli, au ukiwa hujajaza chochote.

"Lakini nitairekebisha baadaye nikipata pesa." Sawa, sheria inaruhusu kurekebisha ritani. Ila ukirekebisha, kodi itakayoonekana haianzi kudaiwa siku ya marekebisho. Ilipaswa kulipwa 30 Aprili, na riba itahesabiwa kuanzia tarehe hiyo hiyo. Hukununua muda hata wa siku moja. Ulichookoa ni adhabu ya kuchelewesha ritani, ambayo ungeiokoa vile vile kwa kuwasilisha ritani ya kweli siku hiyo hiyo bila kulipa hata senti. Hili watu hawaamini: mfumo hauikatai ritani yako ya kweli eti kwa sababu hujalipa.

Hatari yenyewe iko kwingine. Anayejua ana mapato akaandika sufuri ametoa taarifa ya uongo. Kifungu cha 84 cha Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 kinamtoza aliyefanya hivyo makusudi 75% ya kodi iliyopungua, na 20% pale ambapo haikuwa makusudi. Na usidhani watu wa kodi hawajui. Mteja wako akikukata kodi ya zuio, malipo yale yanaandikwa kwenye PIN yako. Anayenunua kitu kwako na kudai ankara ya eTIMS naye anaacha alama. Sufuri yako inakaa kwenye mfumo mmoja na alama hizo, ikisubiri afisa mmoja tu aziweke pamoja.

Sasa hesabu. Tumchukue mpima ardhi wa Kitale, ambaye nimembuni kwa ajili ya somo hili. Mwaka 2024 ulimwendea vizuri kuliko uliotangulia, kwa hiyo malipo yake ya awamu, yaliyokadiriwa kwa mwaka wa nyuma, hayakutosha.

1. Deni. Baada ya kutoa awamu alizolipa na kodi ya zuio aliyokatwa na wateja, amebakiwa na 120,000. Tarehe ya kulipa ilikuwa 30 Aprili 2025. Ritani ya kweli aliiwasilisha 27 Juni, kwa hiyo adhabu ya kuchelewesha ritani haimhusu.

2. Penalti ya kuchelewa kulipa. Ni 5% ya kodi isiyolipwa: 120,000 × 5% = 6,000. Hutozwa mara moja, si kila mwezi.

3. Idadi ya miezi. Alilipa 18 Septemba 2025. Kutoka 30 Aprili hadi 30 Agosti ni miezi minne. Siku 19 zilizozidi zinahesabiwa mwezi mzima, maana sheria inasema mwezi au sehemu ya mwezi. Jumla ni miezi mitano.

4. Riba. Ni 1% kwa mwezi: 120,000 × 1% × 5 = 6,000.

5. Anachotakiwa kulipa. 120,000 + 6,000 + 6,000 = 132,000.

Tazama hatua ya nne kwa makini, kwani hapo ndipo hofu nyingi huzaliwa. Riba ya mwezi wa tano ni 1,200, sawasawa na ya mwezi wa kwanza. Haizai juu ya riba, wala haitozwi juu ya penalti. Inatozwa kwenye kodi yenyewe tu. Tena ina kikomo: haiwezi kuzidi kodi iliyoizaa. Anayekuambia deni lako linajizidisha kama la mkopeshaji wa mtaani hajaisoma sheria.

Kwa sababu riba inafuata kodi iliyobaki, malipo ya sehemu yanasaidia kweli. Tuseme mpima ardhi huyu angelipa 70,000 siku ile ile ya 27 Juni. Malipo pungufu huanza kukata kodi kabla ya kugusa penalti na riba, kwa hiyo miezi miwili ya kwanza ingehesabiwa kwa 120,000, yaani 2,400, na mitatu iliyofuata kwa 50,000, yaani 1,500. Riba yote 3,900 badala ya 6,000. Na kama angebofya sufuri akagunduliwa? Hesabu ile ya 132,000 ingebaki palepale, kisha 75% ya 120,000, yaani 90,000, ipandishwe juu yake.

Basi ufanye nini? Kama huna pesa, wasilisha ritani ya kweli kwa wakati, ulipe ulichonacho. Omba mpango wa kulipa kidogo kidogo kupitia iTax, ukijua kwamba riba haisimami wakati wa mpango. Faida yake ni kwamba hutafuatwa na hatua za kukusanya deni maadamu unatimiza ahadi. Kama umeshajaza sufuri ya uongo, irekebishe kabla ya barua kufika, si baada. Usisubiri msamaha: ule uliofungwa 30 Juni 2025 ulihusu madeni ya hadi 31 Desemba 2023, na ulimtaka mtu alipe kodi yote kwanza.

Mwisho, unapotengeneza PRN, angalia umechagua aina sahihi ya malipo, "Self Assessment Tax", na mwaka unaodaiwa. Ukilipia 2025 deni la 2024, pesa yako itakaa upande mmoja wa leja na deni upande mwingine, na 1% itaendelea kuingia kila mwezi huku una risiti mkononi. Fungua leja siku chache baada ya kulipa uone kama deni limepungua.