Machozi ya Getini: Wiki za Kwanza za Chekechea

Kila Januari hali huwa ileile kwenye mageti ya shule za chekechea. Mtoto kang'ang'ania gauni la mama, mwalimu anambembeleza, na mama mwenyewe machozi yanamlengalenga. Wazazi wengi huondoka hapo wakijiuliza kama wamemwonea mtoto. Hujamwonea. Mtoto wa miaka mitatu anayelia anapoachwa anaonyesha kwamba ana mtu wa kumtegemea, na mtu huyo ni wewe.

Jambo hili lilichunguzwa hapahapa Afrika Mashariki. Mwaka 1954 na 1955 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alitembelea nyumba za vijiji vya karibu na Kampala, akiwatazama kina mama wa Kiganda na watoto wao wadogo. Aliona kwamba kwa mtoto, mama ni ngome: hutambaa mbali naye akachezea vitu, akishtuka humrudia haraka, na akishatulia huondoka tena. Bila ngome, hata kucheza kunamshinda. Asubuhi ya kwanza ya chekechea, ngome inaondoka, na mtoto hajui kama itarudi. Ukimwambia utamfuata saa sita, hajaelewa kitu, maana saa bado haijui. Atakachoelewa ni kile anachokiona kikijirudia: mama anaondoka, mama anarudi.

Ndiyo maana kutoroka ni kosa kubwa kuliko yote. Mtoto anaonyeshwa bembea, mama anapenya mlangoni kimyakimya. Siku hiyo unaweza kuepuka kilio, lakini mtoto akigeuka asikuone, amejifunza kwamba unaweza kutoweka wakati wowote. Kesho yake hatakuachia hata nyumbani, utafuatwa mpaka chooni. Uongo wa "naenda dukani, narudi sasa hivi" una madhara hayohayo.

Njia nzuri ni kumzoesha kidogokidogo. Tuseme Neema ana miaka mitatu na shule yake inaruhusu mzazi kukaa. Siku ya kwanza mama anakaa naye saa nzima, kisha wanaondoka pamoja. Siku ya pili anakaa kidogo, anamuaga, anatoka kwa nusu saa na kurudi. Siku ya tatu Neema anabaki mpaka uji wa saa nne. Wiki ikiisha, anafika mpaka muda wa kutoka. Kama kazini hawakupi ruhusa, bibi au baba anaweza kushika nafasi hiyo. Kuna watoto ambao hulia kidogo wakipelekwa na baba.

Kuaga kwenyewe kuwe kufupi na kwa namna moja kila siku. Jishushe usawa wa macho yake, mkumbatie, mwambie utarudi lini kwa kutaja tukio analolijua: "Mkishakula na kulala, mama nakuja." Mkabidhi mkononi mwa mwalimu, mpungie, uondoke. Usirudi kuchungulia dirishani, kwa sababu akikuona kilio kinaanza upya. Kama anapenda, mwekee kwenye begi kipande cha kanga yako chenye harufu ya nyumbani. Usimtishe kwamba akilia mwalimu atamchapa: huyo ndiye unayetaka amkimbilie. Na jioni usichelewe, hasa wiki hizi, maana ahadi yako inapimwa hapo.

Usishangae asiyelia wiki ya kwanza akaanza ya pili. Mwanzoni alivutiwa na midoli. Sasa amegundua kwamba safari hii ni ya kila siku. Jumatatu na siku za kurudi baada ya kuugua pia huwa ngumu. Wengine hucheza vizuri mchana kutwa, kisha wakamwona mama na kuangua kilio. Hapo mtoto anatua mzigo aliokuwa ameubeba tangu asubuhi.

Kwa hiyo usipime hali yake kwa kilio cha getini. Baada ya nusu saa, mpigie mwalimu simu umuulize: amenyamaza? Amekula? Anacheza? Watoto wengi hutulia dakika chache tu baada ya mzazi kuondoka, na kwa kawaida kilio hupungua ndani ya wiki chache. Ikiwa mwezi umepita naye bado analia sehemu kubwa ya siku, hali, hachezi, au ameanza tena kukojoa kitandani, kaa na mwalimu mpange upya, ikibidi mpunguze saa. Na kama anamwogopa mtu fulani au ana alama mwilini zisizo na maelezo, usisubiri mwezi uishe. Uliza siku hiyohiyo, na usipopata jibu la kueleweka, mtoe.

Mengine yote yanataka subira. Muage waziwazi, ondoka, na urudi wakati uleule uliomwambia.